Kikombe Kilichotangulia: Jinsi Fungu la Kahawa Lilivyokosa Alama kwa Sababu ya Jirani Yake

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Nyanda za Juu Kusini kilipeleka mafungu sita ya arabika kuonjwa. Mnunuzi alikuwa ameweka sharti moja: fungu litakalofikisha alama 80 kati ya 100 linaingia kwenye daraja la kahawa maalumu na kulipwa bei ya juu, na lililo chini ya hapo linauzwa kwa bei ya kawaida. Walikuwepo waonjaji sita, wote wenye uzoefu. Matokeo yalipotoka, kikundi kimoja hakikuridhika. Fungu lake, lililopewa namba 305, lilipata wastani wa 79.25. Fungu 294, ambalo wakulima wenyewe walijua limevunwa na kukaushwa kwa namna ileile na linatoka mlima uleule, lilipata 82.75. Nikaombwa nipitie karatasi za alama.

Kwanza nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu chanzo cha tatizo kimo humo. Kahawa hukaangwa siku moja kabla, husagwa muda mfupi kabla ya kuonjwa, na kila kikombe hupata gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Kila fungu lina vikombe vitano, ili mbegu moja mbovu isipotoshe picha nzima, na pia ili isijifiche. Baada ya dakika nne hivi mwonjaji huvunja ukoko wa juu kwa kijiko na kunusa mvuke. Kahawa ikishapoa hadi nyuzi 70 hivi ndipo kuonja kunaanza: unachota kijiko, unavuta kwa nguvu ili kahawa isambae mdomoni kote, unatema, unaandika. Halafu unasogea kwenye fungu linalofuata. Mafungu sita ni vikombe thelathini mezani.

Chumba kile kilikuwa kimezingatia mengi. Majina ya vikundi yalifichwa na kila fungu likapewa namba ya tarakimu tatu, jambo zuri, maana ukiandika A, B, C au 1, 2, 3, macho huanza kupanga madaraja kabla ulimi haujagusa kitu. Waonjaji walikatazwa kuzungumza. Na waliambiwa kila mmoja aanzie fungu tofauti. Nilipomuuliza msimamizi kama mpangilio wa meza ungeweza kuwa na kasoro, alinijibu kwa uhakika: "Kaka, kila mtu alianzia mahali pake. Hakuna fungu lililokuwa la kwanza kwa wote wala la mwisho kwa wote. Upendeleo ungepitia wapi?"

Swali lake ni la haki, na watu wengi wanaopima vitu kwa mafungu huishia hapohapo. Lakini meza ilikuwa ya duara, na waonjaji wote walizunguka upande mmoja. Mafungu yalipangwa hivi: 417, 862, 305, 739, 158, 294, kisha unarudi 417. Mwonjaji aliyeanzia 739 akamaliza na 305. Aliyeanzia 158 akamaliza na 739. Nafasi zilibadilika kweli. Jirani hakubadilika. Kila aliyefika 305 alikuwa ametoka 862 sekunde chache zilizopita, isipokuwa yule mmoja aliyeanzia 305 yenyewe. Na kila aliyefika 294 alikuwa ametoka 158, isipokuwa aliyeanzia 294.

Sasa 862 ilikuwa kahawa ya aina gani? Ndiyo iliyoongoza siku ile, kwa wastani wa 87.5: tamu, safi, yenye uchachu wa kupendeza kama wa pasheni, na ladha iliyobaki mdomoni muda mrefu. Na 158 ndiyo iliyoshika mkia. Ilikuwa imechachushwa kupita kiasi kwenye matangi kabla ya kuoshwa, na ilinuka siki. Kwa hiyo 305 ilionjwa nyuma ya malkia wa meza, na 294 ilionjwa nyuma ya kahawa iliyoharibika.

Karatasi za alama zilisema wazi mara tu nilipozipanga kwa kuangalia kilichotangulia, badala ya kuangalia wastani. Kwa fungu 305, watu watano waliotoka 862 waliandika 79, 78.5, 79, 78.75 na 78.25. Wa sita, mama mmoja aliyeanzia 305, aliandika 82. Kwenye kikao cha majumuisho alama yake ilitajwa kuwa imepotoka, na aliulizwa mbele ya wenzake kama ulimi wake ulikuwa sawa siku hiyo. Hili liliniumiza kuliko mengine yote, maana yeye ndiye pekee aliyeionja 305 bila kitu kingine mdomoni. Kwa fungu 294 picha ikawa kinyume: watano waliotoka 158 waliandika 83, 83.5, 82.75, 83.25 na 83.5, na aliyeanzia hapo aliandika 80.5.

Watano wanaokubaliana wanashawishi sana. Kwa kawaida tukiona watano wanasema jambo moja na mmoja anasema lingine, tunamtilia shaka yule mmoja. Kanuni hiyo inafaa pale tu ambapo kila mmoja amefikia uamuzi wake kwa njia yake. Hapa watano walipitia mlango uleule. Makubaliano yao yalihesabiwa kama ushahidi wa watu watano, na kumbe lilikuwa kosa moja lililorudiwa mara tano.

Hata hivyo karatasi zinaweza kukudanganya. Huenda mama yule hutoa alama za juu kwa kila kitu. Niliangalia mafungu yake mengine matano. Alama zake hazikuwa juu ya za wenzake. Huenda vikombe vya 305 alivyoonja vilitofautiana na vya wengine. Haikuwezekana, maana wote huchota kwenye vikombe vilevile. Bado nilitaka ushahidi ambao hautegemei watu wawili walioanzia mahali fulani kwa bahati. Kesho yake tukachukua kahawa ya 305, iliyokaangwa kwenye mkupuo mmoja, tukaigawa chini ya namba mbili mpya, tukaiweka mezani mara mbili: mara moja nyuma ya 862 na mara moja nyuma ya 158. Waonjaji hawakuambiwa. Wote sita walitoa alama kubwa zaidi kwa namba iliyofuata 158, na tofauti ndogo kabisa ilikuwa alama mbili nzima. Kahawa ni ileile, siku ni ileile, ulimi ni uleule. Kilichobadilika ni kikombe kilichotangulia. Kwa yeyote anayepima vitu kwa mafungu, hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: rudisha kitu kimoja kwa sura mbili, kiweke nyuma ya majirani wanaotofautiana, uone kama hukumu inasimama.

Mvuto huu unatoka wapi? Sehemu yake iko mdomoni. Kahawa iliyoharibika huacha ukakasi na harufu inayong'ang'ania puani, na kuna kasoro mbaya kuliko siki. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanaijua kasoro ya ladha ya kiazi, ambapo mbegu moja tu yatosha kukifanya kikombe kizima kinuke kama kiazi kibichi kilichomenywa. Ukishakutana na kikombe hicho, kinachofuata hakina nafasi sawa, utake usitake. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu, kutafuna kipande cha biskuti isiyo na chumvi wala sukari na kusubiri kunapunguza tatizo hili.

Sehemu nyingine iko kichwani, na hiyo haisukutuliwi. Fungu 862 halikuacha ukakasi wowote, liliacha kumbukumbu. Mwonjaji aliyetoka kuandika 88 akakutana na kahawa nzuri ya kawaida huihisi kama imepwaya, na mkono unaandika 78. Anayetoka kwenye siki akakutana na kahawa safi hupata nafuu kubwa, na nafuu hiyo inageuka alama. Kwamba jambo hili halitegemei ulimi limeonekana mahali ambapo hakuna anayeonja chochote. Mwaka 2016 watafiti Daniel Chen, Tobias Moskowitz na Kelly Shue walichapisha uchunguzi wa maamuzi ya majaji wa maombi ya hifadhi ya ukimbizi Marekani, maofisa wanaopitia maombi ya mikopo, na waamuzi wa besiboli. Katika makundi yote matatu, uamuzi uliotangulia ulisukuma uliofuata upande wa pili, bila kuhusiana na uzito wa kesi yenyewe. Jaji aliyetoka kukubali ombi moja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukataa linalofuata, kwa tofauti iliyofikia pointi 3.3 za asilimia. Wao walilieleza zaidi kwa imani tuliyo nayo wengi kwamba mambo hayawezi kufuatana yakiwa ya aina moja, kwa hiyo baada ya "ndiyo" mbili tatu tunaanza kutazamia "hapana". Waligundua pia kwamba msukumo huo ni mkubwa kesi zikifanana na zikifuatana kwa karibu. Meza ya kuonjea kahawa ina yote mawili: mafungu ya mlima mmoja, yanayopishana kwa dakika.

Basi tukafikia suala la dawa. Pendekezo la kwanza la chumba lilikuwa kuchanganya mafungu kwa kura kabla ya kila kikao. Nililipinga, na ninaeleza kwa kirefu kwa sababu ndilo pendekezo ambalo kila mtu hulitoa. Ukipiga kura ukapata mpangilio mmoja, kisha waonjaji wote wakaufuata, hujaondoa mvuto wowote. Umeuchagulia tu mtu mwingine wa kuubeba. Leo ni 305, kesho ni 739. Kwa msimu mzima wa mamia ya mafungu huenda mambo yakasawazika kwenye hesabu ya jumla, lakini mkulima hauzi wastani wa msimu. Anauza fungu lake moja, lililoonjwa siku moja, nyuma ya kikombe kimoja. Kinachohitajika ni mipangilio tofauti kwa waonjaji tofauti, iliyopangwa hivi kwamba kila fungu lifuate kila fungu lingine sawasawa.

Mpango huo upo tangu 1949, alipouchapisha E. J. Williams kwa ajili ya majaribio ya namna hii hasa, ambapo kipimo kimoja huacha mabaki kwa kinachofuata. Idadi ya mafungu ikiwa shufwa, unahitaji mipangilio mingi kama mafungu yenyewe. Kwa mafungu sita na waonjaji sita ilitoka hivi, kila mstari ni wa mwonjaji mmoja, unaosomwa kutoka kushoto:

```
1:  417  862  294  305  158  739
2:  862  305  417  739  294  158
3:  305  739  862  158  417  294
4:  739  158  305  294  862  417
5:  158  294  739  417  305  862
6:  294  417  158  862  739  305
```

Fuata 305 kwa kidole. Mwonjaji wa kwanza anaifikia akitoka 294, wa pili akitoka 862, wa tatu anaanza nayo, wa nne anatoka 158, wa tano anatoka 417, wa sita anatoka 739. Kila jirani mara moja, hakuna anayerudiwa. Ukichukua namba nyingine yoyote utakuta hali hiyohiyo. Soma pia kwenda chini: kwenye kila safu wima namba zote sita zipo, maana yake kwa wakati wowote ule kila mwonjaji yuko kwenye fungu lake peke yake na hawagongani viwiko. Ipo na faida nyingine niliyoipenda. Kahawa hupoa wakati watu wanaonja, na ladha hubadilika na joto. Kwa mpango huu kila fungu limeonjwa mara moja likiwa la moto kabisa, mara moja likiwa limepoa zaidi, na katikati yake vilevile, kwa hiyo hata joto halimwonei mtu.

Mstari gani apewe nani, hilo ndilo tuliloliachia kura.

Tukaongeza taratibu tatu. Kabla ya kuanza, kila mwonjaji alikunywa kikombe cha kufungulia, kahawa ya kawaida isiyohesabiwa, ili fungu la kwanza kwake lisipate mshtuko wa mdomo uliokuwa mtupu. Kusogea kulifanywa kwa kengele, na kati ya kengele moja na nyingine kulikuwa na muda wa kusukutua. La tatu lilizua ubishi: tuliondoa karatasi moja ndefu yenye safu za mafungu yote, tukatoa kikaratasi kimoja kwa kila fungu. Ukimaliza, unakikunja na kukitumbukiza kwenye kisanduku kabla hujasogea. Baadhi ya waonjaji walilalamika kwamba wamezoea kurudi nyuma kusahihisha alama baada ya kuonja zote. Lakini kurudi huko ndiko kunakofungua mlango tuliokuwa tunaufunga. Ukiiona 88 yako imeandikwa sentimita tano juu ya mstari unaoujaza, hata biskuti debe zima haitakusaidia. Tulikubaliana kwamba kulinganisha kuna nafasi yake, na nafasi yake ni baada ya visanduku kufungwa, kwenye mjadala. Atakayetaka kubadili alama wakati huo anaandika alama mpya pembeni na sababu yake, na ile ya kwanza inabaki.

Sauti nayo ilihesabiwa kuwa mazungumzo. Siku ya kwanza, nilivyosimuliwa, mtu mmoja alipovuta kijiko cha 862 aliguna kwa raha, na chumba kizima kilijua ni wapi alikuwa amesimama.

Fungu 305 lilipoonjwa upya kwa mpango huu lilipata, kwa kufuata mistari sita, 81.5, 79.5, 82, 82.75, 81 na 80.75. Wastani ni 81.25. Fungu 294 lilipata 79.25, 81, 81, 80.75, 82.75 na 81.25, wastani 81. Yote mawili yakaingia kwenye daraja, na pengo la alama tatu na nusu likabaki robo alama, upande wa 305. Wakulima waliosema kahawa zao ni ndugu walikuwa wamesema kweli.

Tazama tena zile 79.5 na 79.25. Ya kwanza imetoka kwa mwonjaji wa pili, aliyefika 305 akitoka 862. Ya pili kwa mwonjaji wa kwanza, aliyefika 294 akitoka hapohapo. Na 82.75 zote mbili zimetoka kwa watu waliotoka 158. Mvuto haukufa. Mpango haukuusafisha ulimi wala kichwa cha mtu. Umegawa mzigo ili 305 na 294 zibebe uzito sawa wa 862 na nafuu sawa ya 158. Kwa hiyo alama zinaweza kulinganishwa kwa haki, ingawa kila moja peke yake bado ina alama ya vidole vya jirani. Ndiyo maana nilimsihi msimamizi asimpime tena mwonjaji kwa umbali wake na wastani bila kwanza kutazama alitoka wapi, na mama yule akaandikiwa barua ya kufuta maneno yaliyosemwa kikaoni.

Kuna mipaka miwili ambayo haikwepeki. Fungu 862 lenyewe haliwezi kujifuata. Mengine yote matano yalibeba kivuli chake mara moja, lakini lenyewe halikuwahi kusimama nyuma ya kahawa nzuri kama yeye, na kwa hiyo wastani wake umependelewa kidogo. Kinyume chake, 158 haikupata hata mara moja nafuu ya kutokea nyuma ya siki. Kwa siku ile halikuwa na madhara, maana 862 ilikuwa mbali juu ya 80 na 158 mbali chini. Fungu bora likiwa karibu na mpaka, ningetaka lionjwe tena kwenye meza nyingine yenye fungu jingine bora.

Mpaka wa pili ni wa hesabu. Msimu uliofuata chama kilileta mafungu saba. Idadi ikiwa witiri, mpango huu unadai mipangilio kumi na minne ili kila jirani asawazishwe, na hakuna chumba cha kijijini chenye waonjaji kumi na wanne. Tuliongeza fungu la nane, kahawa ya msimu uliopita ambayo alama zake tulizijua, tukaazima waonjaji wawili kutoka chama cha jirani, tukapata mistari minane. Lile fungu la nane halikuwa likiuzwa kwa mtu yeyote, kwa hiyo alama zake zilitumika kwa kazi moja tu: kuonyesha, kwa mistari yote minane, ni kwa kiasi gani kila jirani aliyetangulia alikuwa ameisukuma kalamu siku hiyo.